Kazi Dubai ukiwa Tanga: jinsi ya kumjua mdhamini wa viza yako kabla ya kutuma maombi

Nina steshenari Ngamiani, na kazi yangu ya kila siku ni kuchapa wasifu, kupiga skani vyeti na kuchapisha karatasi za watu wanaotaka kusafiri. Jambo moja linajirudia hadi linaniuma. Kijana anaingia na simu mkononi, anasema, "Kaka, nichapishie viza yangu ya kazi." Nikiifungua, naona ni viza ya kutembea. Pesa ameshalipa. Mmoja alikuwa ameshauza pikipiki iliyokuwa ikimlisha.

Wote wanakosea mahali pamoja. Wanatafuta kazi, wanalipa, halafu ndipo wanauliza nani anawadhamini. Mwongozo huu unakupitisha kwa mpangilio ulio sahihi, hatua kwa hatua, kwa mtu anayetafuta kazi kwenye kampuni binafsi Dubai au sehemu nyingine za Falme za Kiarabu. Kazi za ndani, yaani za majumbani, zina sheria yake na nitazigusa mwishoni. Oman, Saudia na Qatar zina taratibu zao, kwa hiyo usizipime kwa hatua hizi.

Nitatumia mfano wa fundi mmoja wa friji na viyoyozi kutoka Makorora, aliyejaribu mara mbili. Mara ya kwanza alipoteza pesa, mara ya pili alisafiri.

## Vitu vya kuandaa kwanza

Pasipoti iliyobakiza zaidi ya miezi 6. Kabla ya jambo lolote, iweke mezani pamoja na kitambulisho cha NIDA, cheti cha kuzaliwa na cheti cha ufundi, kisha usome majina herufi kwa herufi. Huku kwetu pwani jina moja lina sura nyingi. Fundi wetu alikuwa *Khamis* kwenye cheti cha kuzaliwa, *Hamisi* kwenye NIDA na *Hamis* kwenye cheti cha VETA. Sisi tunajua ni mtu yule yule, lakini mfumo wa kompyuta unaona watu watatu. Marekebisho yanachukua muda, kwa hiyo anza nayo.

Vyeti vilivyopigwa skani kwa rangi, kila kimoja faili lake, na jina la faili lieleweke. Kazi za ujuzi huweza kudai cheti kithibitishwe na Wizara yetu ya Mambo ya Nje na kisha ubalozi wa nchi unayokwenda. Usilipie uthibitisho huo mpaka mwajiri aliyekupa ofa ya kweli audai.

Wasifu wa kurasa 1 au 2 kwa Kiingereza, wenye namba inayoanza na +255 na barua pepe yako mwenyewe. Usitumie barua pepe ya ajenti. Ofa ikitumwa kwake, wewe utaona kile tu anachotaka ukione.

Mtu anayesoma Kiingereza vizuri. Hili watu hulidharau. Barua ya ofa ya Wizara ya Kazi ya huko, inayojulikana kwa herufi MOHRE, huandikwa kwa Kiarabu na Kiingereza, na mfanyakazi anaweza kuipata kwa lugha kadhaa za Asia kama Kihindi, Kiurdu, Kibengali na Kinepali. Kiswahili hakimo. Mwenzako wa Nepal anaisoma kwa lugha ya mama yake, wewe utaisoma kwa lugha ya shule. Basi tafuta mwalimu, ndugu au jirani atakayekaa nawe nusu saa.

Majibu ya afya yako. Nenda upige picha ya kifua na upime virusi vya Ukimwi kabla hujatumia pesa yoyote. Ukifika huko utapimwa tena, na anayekutwa na virusi hivyo au kifua kikuu kwenye kipimo cha mara ya kwanza hapewi ukaazi. Ni sheria nzito, na ni afadhali uijue ukiwa Tanga kuliko kuijulia hospitali ya ugenini.

## Hatua ya 1: Elewa udhamini ni nini

Udhamini wa viza maana yake ni kwamba kampuni inajiandikisha serikalini kuwa ndiyo inayokuleta na ndiyo itakayokuajiri. Wazee wetu waliokwenda Uarabuni walimwita mtu huyo kafili. Viza ya kazi haiuzwi dukani. Hutoka kwa sababu kampuni fulani, yenye leseni, imeomba mtu fulani kwa kazi fulani.

Karatasi zake hufuatana hivi. Kwanza kampuni hukupa barua ya ofa kupitia mfumo wa MOHRE, nawe unaisaini. Pili, wizara hukubali kibali cha kazi. Tatu, idara ya uhamiaji hutoa kibali cha kuingia nchini kwa ajili ya ajira, ambacho ndicho watu wengi huita viza, nacho kina siku 60 za kukitumia. Nne, ukishafika unapimwa afya, unachukuliwa alama za vidole kwa ajili ya kitambulisho cha huko, na unapewa ukaazi, mara nyingi wa miaka 2.

Shika mpangilio huo kichwani. Mtu akikuletea karatasi ya tatu bila ya kwanza, yaani viza bila barua ya ofa uliyoisaini wewe, basi karatasi hiyo ya tatu karibu kila mara ni ya kutembea.

Fundi wa Makorora hakujua hili. Aliyempeleka alimwambia, "Viza imetoka, mkataba utasaini ukifika." Sentensi hiyo ukiisikia, simama hapo hapo.

*Utajua umefaulu hatua hii* ukiweza kumweleza mtu wa nyumbani, bila kuangalia popote, ni karatasi ipi inatangulia ipi na nani anaitoa.

## Hatua ya 2: Tafuta kazi kwa maneno wanayotumia wao

Ukiandika "kazi Dubai" utaletewa makundi ya Facebook na ajenti wa ajenti. Ingia kwenye tovuti ambazo waajiri wa huko wanatangazia wenyewe, kama Bayt, NaukriGulf, GulfTalent, LinkedIn na Indeed ya Falme za Kiarabu. Andika jina la kazi kama linavyotajwa huko. Fundi wa viyoyozi ni `AC technician`, msaidizi wa jikoni hotelini ni `kitchen steward`, mpishi anayeanza ni `commis`, msafishaji wa vyumba ni `room attendant`, mtunza stoo ni `storekeeper`.

Kuna pia kazi ambazo Kiswahili chako ndicho kinachotafutwa. Mitaa ya Deira, mjini Dubai, imejaa wafanyabiashara wa kwetu, wa Kenya na wa Kongo wanaonunua mizigo, na kampuni za usafirishaji na maduka ya jumla huhitaji mtu wa kuongea nao. Andika `Swahili speaking` pamoja na `Dubai`. Matangazo si mengi, lakini ushindani wake ni mdogo.

Sasa soma tangazo kwa makini, kwa sababu waajiri husema wazi kama watadhamini au hawatadhamini. Wengi wetu hatujui kusoma maneno yao:

- `Employment visa provided` au `company visa`: kampuni inadhamini. Hili ndilo unalolitafuta.
- `Visit visa or cancelled visa preferred`: wanataka mtu aliyekwisha kuwapo nchini. Wewe uliye Tanga hawakuhesabu.
- `Spouse visa`, `husband visa` au `own visa`: wanataka mtu anayedhaminiwa na mwingine, mara nyingi mume au mke. Kampuni haitakudhamini.
- `Immediate joiner` au `locally available`: wanataka aanze wiki hii. Pita.
- `Free visa`: hapa kuwa macho. Kwenye tangazo la kampuni yenyewe, maana yake ni kwamba mfanyakazi halipii. Kwenye mdomo wa ajenti, mara nyingi maana yake ni viza ya mdhamini asiye na kazi yoyote ya kukupa, kisha ujitafutie mwenyewe mitaani. Kufanyia kazi mtu ambaye hakukuombea kibali ni kosa huko, na anayekamatwa ni wewe.

Watu huniuliza kwa nini wametuma maombi 60 bila jibu. Siku moja nilikaa na dada mmoja tukayapitia moja moja. Zaidi ya nusu yalikuwa ya aina ya pili na ya nne katika orodha hiyo. Hakuwa amekataliwa kwa uwezo wake. Matangazo yale hayakuwa yake.

*Utajua umefaulu* ukiwa na orodha fupi, hata ya matangazo 8 tu, ambayo kila moja linataja udhamini au halimkatai mtu aliye nje ya nchi.

## Hatua ya 3: Ichunguze kampuni

Andika jina kamili la kampuni kwenye daftari, pamoja na zile herufi za mwisho kama `L.L.C`. Jina hilo utalikagua mahali patatu: kwenye leseni ya biashara, kwenye barua ya ofa, na kwenye mstari wa mdhamini wa viza. Lazima liwe jina moja mahali pote patatu. Ukibaki na jambo moja tu kutoka mwongozo huu, naomba liwe hili.

Kampuni ikishakuonyesha nia, omba nakala ya leseni yake ya biashara. Ombi hilo si utovu wa adabu, kampuni halali hulipokea kila siku. Tazama anwani ya barua pepe waliyoitumia. Kampuni yenye tovuti yake haikuandikii kutoka anwani ya bure ya Gmail. Kisha tafuta namba ya simu ya ofisi kwenye tovuti ya kampuni, siyo ile iliyo ndani ya ujumbe uliotumiwa, upige na kuuliza kama kweli wanatafuta fundi wa viyoyozi na kama fulani aliyekuandikia ni mtu wao.

Matapeli hupenda kutumia majina ya hoteli na kampuni kubwa ambazo zipo kweli. Kwa hiyo kuliona jina kwenye Google hakuthibitishi kitu. Simu ndiyo inayothibitisha.

Ikiwa unapitia wakala wa hapa nchini, wakala huyo lazima awe amesajiliwa kwa mujibu wa sheria yetu ya huduma za ajira ya mwaka 1999. Chukua nakala ya usajili wake, uende nayo kwa afisa kazi wa mkoa au uulize TaESA, ofisi ya serikali ya huduma za ajira. Walioko Bagamoyo wana wepesi kidogo, Dar si mbali kwao. Wakala anayekataa kukupa nakala ya usajili ameshakujibu.

## Hatua ya 4: Isome barua ya ofa mstari kwa mstari

Hapa ndipo pa kutulia. Barua nzuri ya kampuni yenye nembo ya rangi na mhuri si barua ya ofa ya MOHRE. Ile ya wizara ina namba ya muamala, ambayo kwa kawaida huanza na herufi `MB` na kuishia na `AE`. Chukua namba hiyo, fungua `inquiry.mohre.gov.ae` na ufuatilie ombi lako wewe mwenyewe kwa simu yako. Usikubali picha ya skrini aliyokutumia ajenti, maana picha hutengenezwa kwa dakika mbili.

Kuna tofauti moja. Kampuni zilizo ndani ya maeneo huru ya biashara, kama Jebel Ali, hushughulikiwa na mamlaka ya eneo husika. Wakikuambia hivyo, uliza jina la mamlaka, kisha uwasiliane nayo moja kwa moja.

Ukishaihakiki, soma mambo haya.

Cheo. Kilichoandikwa ndicho unachokwenda kufanya. Fundi akiandikiwa kibarua, atalipwa kama kibarua.

Mshahara wa msingi. Tangazo litasema dirhamu 2,000, lakini barua itazigawa kati ya mshahara wa msingi na posho. Fundi wetu safari ya pili alipata ofa mbili, zote za jumla ya 2,000. Ya kwanza ilikuwa na msingi wa 800 na posho 1,200. Ya pili msingi wa 1,400 na posho 600. Nyumbani kwao walisema ni sawasawa. Si sawa.

Malipo ya kumaliza kazi huhesabiwa kwa mshahara wa msingi peke yake, siku 21 kwa kila mwaka katika miaka 5 ya mwanzo. Msingi wa 800 ukiugawa kwa siku 30 na kuzidisha kwa 21, unapata dirhamu 560 kwa mwaka, yaani 1,120 kwa mkataba wa miaka 2. Msingi wa 1,400 unakupa 980 kwa mwaka, yaani 1,960. Saa za ziada nazo huhesabiwa kwa msingi, na nyongeza ya asilimia 25 isiyopungua. Fundi wa viyoyozi wakati wa joto hufanya saa za ziada nyingi, kwa hiyo tofauti hiyo ataiona kila mwezi.

Makazi na usafiri. Tafuta maneno `provided by the company`. Ikiwa hayapo na badala yake kuna posho, uliza kitanda kinakodishwa kwa kiasi gani katika mtaa ulio karibu na kazi, uondoe kiasi hicho kwanza, halafu ndipo uhesabu utatuma nini nyumbani.

Muda wa majaribio. Sheria inaruhusu usiozidi miezi 6. Saa za kazi za kawaida ni 8 kwa siku na 48 kwa wiki. Anayefanya kazi juani ajue pia kwamba kuanzia Juni 15 hadi Septemba 15 kazi za juani husimamishwa saa 6:30 mchana hadi saa 9 alasiri kwa hesabu yetu.

Ukisaini, baki na nakala. Mkataba utakaosaini ukifika unapaswa kulingana na barua hiyo. Wakikuwekea mbele karatasi yenye mshahara mdogo zaidi, nakala yako ndiyo ushahidi. Itume kwa barua pepe yako na kwa mtu mmoja wa nyumbani, ili simu ikiibiwa isipotee nayo.

*Utajua umefaulu* ukiona namba ya muamala imefunguka kwenye mfumo wa wizara, na jina la kampuni ni lile lile la kwenye daftari lako.

## Hatua ya 5: Jua nani analipa nini

Sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu, amri namba 33 ya mwaka 2021 iliyoanza kutumika Februari 2, 2022, inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kuajiriwa, ziwe za moja kwa moja au za kuzunguka. Kibali cha kazi, kibali cha kuingia, kipimo cha afya cha huko na kitambulisho ni mzigo wa mwajiri.

Zako ni pasipoti, nakala za vyeti, cheti cha tabia njema kutoka polisi kama kitadaiwa, na nauli ya basi kwenda Dar. Tiketi ya ndege, hakikisha imeandikwa nani anailipa.

Fundi wa Makorora mara ya kwanza alitoa shilingi 2,800,000. Alipewa mchanganuo uliopendeza: viza, bima, "ada ya ubalozi", "udhamini". Nilipousoma nilimwonyesha kwamba hapakuwa na hata mstari mmoja ambao yeye alipaswa kuulipa. Risiti ilikuwa na jina la mtu binafsi na namba ya simu ya kupokelea pesa. Hakuzipata tena.

Kuna mtego mwingine wenye sura ya huruma. Unaambiwa usilipe chochote sasa, utakatwa kwenye mshahara. Bado ni kukutoza, na safari hii ukiwa mbali, na deni ambalo wanaoliandika ni wao.

## Hatua ya 6: Viza imefika, isome kabla hujaaga

Wengi huona picha yao na bendera, wakafurahi, wakaanza kuagana na majirani. Kaa chini kwanza. Unatafuta mistari mitatu tu.

Mstari wa kwanza ni aina au madhumuni ya kibali. Patafute neno `EMPLOYMENT` au `WORK`. Ukiona `TOURISM`, `TOURIST` au `VISIT`, hiyo ni ya kutembea, hata kama uliyempa pesa anaapa kwa jina la mama yake.

Mstari wa pili ni mdhamini, `Sponsor` au `Host`. Hapa ndipo fundi wetu aliponyamaza mezani kwangu. Alitarajia kuona kampuni ya viyoyozi. Paliandikwa jina la kampuni ya utalii, lenye neno `Tourism` mwishoni. Nilimwekea kidole kwenye mstari ule. Akausoma mara mbili, akauliza, "Kwa hiyo wanaonidhamini ni hawa wa kutembeza watu?" Ndio hao. Kampuni ile ilimdhamini kama mtalii, na siku zikiisha isingekuwa na haja naye.

Mstari wa tatu ni kazi yako, `Profession`. Ilingane na barua ya ofa.

Kisha ihakiki. Kwa viza iliyotolewa Dubai tumia tovuti ya uhamiaji ya Dubai, `gdrfad.gov.ae`. Kwa zilizotolewa katika falme nyingine tumia `smartservices.icp.gov.ae`, sehemu inayoitwa `File Validity`. Utaweka namba ya kibali au ya pasipoti, uraia na tarehe ya kuzaliwa. Ingiza tarehe kama ilivyo kwenye pasipoti.

### Na wanaosema "ingia kwa viza ya kutembea, utabadilisha huko huko"?

Sitaki kukudanganya: kubadilisha hadhi ukiwa ndani ya nchi kunawezekana kisheria, na wapo watu wa Tanga waliofanikiwa hivyo. Lakini anayebadilisha ni mwajiri aliyekupa ofa na kukuombea kibali. Wewe peke yako huwezi. Na kabla kibali hakijatoka huruhusiwi kufanya kazi hata siku moja, hata ya "majaribio".

Sasa piga hesabu. Viza ya siku 60 ikiisha na kazi hujapata, faini ni dirhamu 50 kwa kila siku unayozidisha. Siku 30 ni dirhamu 1,500, juu ya kodi ya kitanda na chakula. Anayefikiria njia hii basi awe na tiketi ya kurudi, pesa ya kujilisha siku zote 60, na mwenyeji anayemfahamu kwa damu. Asiye na hivyo vitatu, maoni yangu ni kwamba asiende.

*Utajua umefaulu hatua hii* kwa jina lile lile kuonekana mahali pale patatu. Safari ya pili ya fundi wa Makorora, nilimwomba ayapige mstari kwa kalamu nyekundu kwenye leseni, kwenye ofa na kwenye viza. Yalilingana hadi nukta za `L.L.C`.

## Hatua ya 7: Siku za kuondoka na za mwanzo

Chapisha nakala mbili za kila karatasi, moja ibaki nyumbani. Andika kwenye karatasi, siyo kwenye simu tu, namba ya MOHRE ambayo ni 600590000, na namba za ubalozi wetu Abu Dhabi na ubalozi mdogo Dubai.

Ukifika, kipimo cha afya na alama za vidole vifanyike mapema. Zikipita wiki mbili kampuni haijakupeleka popote, uliza kwa maandishi. Siku za kibali chako cha kuingia zinahesabika hata kama wao wamesahau.

Pasipoti ni yako. Sheria ile ile ya 2021 inamkataza mwajiri kuzuia hati zako. Akiihitaji kwa ajili ya kukamilisha ukaazi, mpe, uandike tarehe uliyompa, na uidai kazi hiyo ikiisha.

## Kwa dada zetu wanaokwenda kazi za ndani

Huku mdhamini ni familia au ofisi iliyoidhinishwa, na sheria inayotumika ni amri namba 9 ya mwaka 2022. Ile barua ya ofa ya kampuni niliyoieleza juu haitakuhusu kwa sura ile ile, na vipimo vya afya ni vingi zaidi, pamoja na cha ujauzito.

Kanuni ya jina moja bado inakulinda. Uliza jina la ofisi ya huko iliyopewa leseni ya kuleta wafanyakazi wa ndani, na jina la mwenye nyumba litakaloandikwa kwenye mkataba. Piga simu kwa ofisi hiyo ukiwa bado Tanga au Bagamoyo. Ukiambiwa mwenye nyumba utamjulia uwanja wa ndege, rudisha begi ndani.